Fulana ya damu ya mzee na uso wa Bibi uliogeuka mzimu

Fulana ya kwanza ya majaribio niliikunjua juu ya kaunta, nikaikunja upesi kabla mteja aliyekuwa anasubiri fotokopi hajaiona. Uso uliokuwa kifuani ulikuwa wa Bibi, mzaa mama, na ulikuwa umegeuka mzimu. Macho meupe pe, matundu ya pua meupe, mikunjo ya midomo meupe. Paji la uso, mashavu na ncha ya pua, yaani pale pote ambapo binadamu hung'aa, palikuwa na giza la kitambaa. Mchoro ule nilikaa nao kwenye kompyuta wiki mbili, na kila siku niliuona mzuri.

Mimi nina kibanda cha stesheneri hapa Mtwara mjini, upande wa Ligula. Kazi zangu ni kadi za harusi, mabango ya vikoba, mihuri, picha za paspoti. Vyote hivyo nachapa juu ya karatasi nyeupe, na hapo ndipo ujinga wangu ulipokuwa umejificha. Ukizoea karatasi nyeupe unafikiri kuchora ni kuweka kiza mahali penye mwanga, wala hujui kama unafikiri hivyo.

Ukoo ulikuwa umepanga kukutana Newala mwezi wa Desemba, nyumbani kwa Bibi, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Watoto wake walikuwa tisa, wawili wametangulia mbele ya haki, wajukuu hatuhesabiki. Kundi la Wasapu likaamua kuwe na fulana, na kwa kuwa mimi "ndiye mtu wa kompyuta", kazi ikanidondokea. Maagizo yakaja kwa sauti na kwa maandishi, mengine saa sita za usiku. Kuwe na picha ya Bibi. Kuwe na mkorosho wenye mabibo mekundu na ya njano, kwa sababu mikorosho ya Bibi ndiyo iliyosomesha watu. Kuwe na majina ya watoto wote tisa. Kuwe na bonde la Ruvuma kwa mbali, kama linavyoonekana ukisimama pale Shimo la Mungu. Rangi ya kitambaa ilizua mjadala wa siku tatu. Vijana walitaka nyeusi, Mama Mkubwa akakataa katakata: "Nyeusi ya nini, tunakwenda kwenye msiba?" Tukaishia damu ya mzee, na hakuna aliyejua kwamba rangi hiyo nayo ina mambo yake. Nitafika huko.

Fundi wangu wa skrini ana banda lake Chikongola. Nilipompelekea mchoro wa kwanza, wenye rangi sita na mawingu yanayofifia taratibu kutoka machungwa kwenda zambarau, aliuangalia akacheka kwa upole. "Kila rangi hapa ni skrini yake," akasema, "na kila skrini ni pesa yake. Halafu chini ya zote hizo lazima nitangulize nyeupe. Kwa hiyo sita zako ni saba." Bajeti ya ukoo, ikigawanywa kwa fulana 68, ilituruhusu skrini mbili. Tukakubaliana nyeupe na njano. Mawingu na bonde la Ruvuma nikavifuta siku hiyohiyo, na kusema kweli sikuvililia.

Kabla sijaendelea ni vizuri msomaji ajue skrini inavyofanya kazi, maana kosa langu lilitoka hapo. Skrini ni fremu iliyokazwa wavu. Fundi anaupaka wavu dawa inayogandishwa na mwanga, anaiacha ikauke gizani, kisha analaza juu yake karatasi angavu iliyochapwa mchoro kwa weusi mzito, ndiyo tunaiita filamu. Anawasha taa kali. Palipo wazi mwanga unapita na dawa inaganda. Palipo na weusi mwanga unazuiwa, dawa inabaki laini, na maji yanaiondoa. Kwa hiyo kila penye weusi kwenye filamu ndipo wino utakapopita. Rangi ya wino haimo kwenye filamu kabisa, filamu inajua tu penye wino na pasipo na wino.

Sasa fikiria nilichofanya. Nilichukua picha ya Bibi, nikaibadilisha iwe nyeusi na nyeupe tupu bila kijivu, ikapendeza sana kwenye skrini ya kompyuta: nyusi nyeusi, macho meusi, vivuli vya pua na kidevu vyeusi, mashavu meupe. Nikaichapa filamu hivyohivyo. Fundi akaitengenezea skrini, akamimina wino mweupe. Vile vivuli vyote vyeusi vikapitisha wino mweupe. Nilichapa giza la uso wa Bibi kwa rangi ya mwanga. Ni kama hasi ya picha za zamani, zile za kushika kwenye dirisha, ambazo watoto walikuwa wanaziogopa.

Nilimpigia simu mjomba jioni ile, si kwa kutafuta ushauri bali kwa kutafuta wa kumlalamikia. Mjomba huyu ni mdogo wake mama, ni mchonga vinyago, amekaa na mpingo tangu ujana wake. Alikuwa yuko mjini, akaja kesho yake asubuhi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Haya, nionyeshe huyo mzimu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniomba nimpe ile fulana tupu, isiyochapwa, akaitandaza juu ya kaunta. "Hapa pana nini?" akaniuliza. Nikamwambia hapana kitu. "Pana giza tele," akasema. "Mimi nikishika gogo la mpingo, weusi umo tayari, siuongezi. Kazi yangu ni kutafuta wapi mwanga ukae." Akatoa simu yake akanionyesha kinyago chake kimoja, mama aliyebeba mtoto. Moyo wa mpingo ni mweusi lakini ganda la ndani, lile tabaka lililo karibu na gome, ni la rangi ya maziwa yaliyochacha. Wachongaji wengine hulitupa. Yeye alikuwa ameliacha mahali pamoja tu, kwenye kitambaa cha kichwani cha yule mama, na uso mzima ulionekana kwa sababu ya kitambaa kile.

Nikairudia kazi kuanzia kwenye picha yenyewe, na hapo nikagundua kwamba hata kama ningeigeuza ile filamu, nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi, bado isingekuwa nzuri. Picha niliyotumia ilikuwa ya kitambulisho, imepigwa kwa taa ya kamera usoni moja kwa moja. Taa ya namna hiyo inafuta vivuli vyote, uso unakuwa bapa kama chapati. Ukitaka kuonyesha uso kwa rangi moja ya mwanga unahitaji picha ambayo mwanga umetoka upande mmoja, ili upande mmoja wa pua ung'ae na mwingine uzame. Mama akaitafuta kwenye bahasha zake na akaipata: Bibi amekaa mlangoni anabangua korosho, jua la asubuhi linamtoka kushoto, kanga nyeupe yenye maua kichwani. Picha yenyewe ilikuwa na mikwaruzo, lakini mikwaruzo inafutika. Mwanga uliokosekana siku ya kupiga picha hauongezeki baadaye.

Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nilianza na `Colors > Desaturate` ili rangi zote ziwe vijivu, kisha nikaipitisha kwenye `Filters > Blur > Gaussian Blur` kidogo tu, ili chembechembe za picha ya zamani zisije zikawa vidoa mia tatu usoni. Baada ya hapo kazi kubwa inafanywa na `Colors > Threshold`. Hiki kinakupa kijiti cha kusogeza kati ya 0 na 255. Kila kilicho juu ya namba uliyochagua kinakuwa cheupe, kila kilicho chini kinakuwa cheusi. Mara ya kwanza nilisogeza kijiti kwa picha nzima, nikaona haiwezekani. Kanga ilikuwa nyeupe na inapigwa na jua, Bibi alikuwa mweusi wa Kimakonde hasa. Nikiweka namba inayoonyesha mikunjo ya kanga, uso wote unapotea gizani. Nikiweka namba inayoonyesha mashavu, kanga yote inakuwa bonge moja jeupe bila mkunjo hata mmoja.

Dawa yake ni kuigawa picha. Nilikata uso peke yake na kanga peke yake, kila kimoja kwenye tabaka lake. Uso niliushusha mpaka karibu 95, ikabaki mwanga kwenye paji la uso, daraja la pua, shavu la kushoto, ukingo wa mdomo wa chini na kidevu. Upande wa kulia wote ukawa kitambaa. Kanga niliipandisha mpaka karibu 170, mikunjo yake ikajitokeza kama mistari ya giza. Namba hizi ni za picha ile tu, yako itakuwa na zake. La kuangalia ni kama uso unasomeka ukikaa hatua nne mbali na kompyuta, kwa sababu fulana haisomwi na mtu aliyeigusa kwa pua.

Upande wa kulia wa uso ulikuwa hauna mpaka. Shavu la giza lilikutana na kitambaa cha giza na hakuna aliyejua Bibi anaishia wapi. Kishawishi ni kuchora mstari mweupe kuuzungushia uso. Nilijaribu, ukaonekana kama umekatwa kwenye gazeti. Nikakumbuka kinyago cha mjomba, nikaiacha kanga ifanye kazi hiyo. Niliishusha kidogo upande wa kulia, ikapita nyuma ya shavu mpaka begani, na weupe wake ukachonga ukingo wa taya. Jicho la mtazamaji likamalizia lililobaki.

Kilichonisaidia kuliko vyote kilikuwa kitu kidogo cha aibu: kubadilisha rangi ya ukurasa. Nilihamishia mchoro Inkscape, programu ya kuchora maumbo, nikachora mstatili wa rangi ya damu ya mzee nikauweka nyuma ya kila kitu na kuufunga usisogee, na kuanzia hapo sikuchora tena juu ya nyeupe. Ili `Path > Trace Bitmap` ishike maeneo ya mwanga na si ya vivuli, picha niliigeuza kwanza kwa `Colors > Invert` kule GIMP. Maumbo yaliyopatikana nikayapaka nyeupe, nikayaona juu ya kitambaa kama yatakavyokuwa. Yanageuzwa kuwa meusi dakika ya mwisho tu, wakati wa kuchapa filamu. Kama ningefanya hivi tangu mwanzo, yule mzimu ningemwona siku ya kwanza.

Fundi alikuwa ameniuliza kama nataka kijivu cha katikati kwa njia ya nukta, zile zinazotumika kwenye picha za magazeti. Nilitamani. Lakini wavu wake wa kumimina nyeupe ni wa nyuzi 43 kwa sentimita, wavu mpana, kwa sababu wino mweupe ni mzito na kitambaa cha giza kinahitaji wino mwingi. Kanuni waliyozoea mafundi ni kugawa idadi ya nyuzi kwa nne au nne na nusu, ndipo unapata nukta ambazo wavu utazishika. Kwa wavu ule ni nukta tisa au kumi kwa sentimita. Uso wa Bibi ulikuwa na upana wa sentimita 9. Nukta tisini kutoka sikio hadi sikio ni chache sana, na kwa kuwa nyeupe hupigwa mara mbili, kila nukta ingevimba. Tungemfanya Bibi aonekane ana tetekuwanga. Nikaacha.

Turudi kwenye njano. Kwa nini fundi alisema lazima nyeupe itangulie? Wino wa njano hata ukiwa mzito kiasi gani unaacha rangi ya chini ipenye. Alinionyesha kwenye kipande cha kitambaa: njano moja kwa moja juu ya damu ya mzee ikawa rangi ya ndizi iliyolala siku nne. Juu ya nyeupe iliyokaushwa, ikawa njano ya bibo lililoiva. Kwa hiyo skrini ya nyeupe inabeba kazi mbili, nyeupe inayoonekana na nyeupe inayolala chini ya njano. Anapiga nyeupe, anaikausha juujuu kwa sahani ya umeme inayoning'inia juu ya meza mpaka isishike kidole, anapiga tena nyeupe, anaikausha, ndipo anashusha skrini ya njano.

Katika fulana ya pili ya majaribio uso ulikuwa umetulia, lakini kila bibo lilikuwa na ukingo mweupe upande mmoja, kama shimizi inayochungulia chini ya gauni. Meza ya fundi ni ya mkono, bawaba zake zimechoka, na skrini ya pili inaweza kukaa pembeni kidogo ya ile ya kwanza. Mimi nilikuwa nimechora nyeupe ya chini sawasawa kabisa na njano ya juu, kwa hiyo mtikisiko wowote ulionekana. Nyeupe ya chini inatakiwa iwe ndogo kuliko njano pande zote. Nilinakili maumbo ya njano, nakala nikaipitisha kwenye `Path > Inset` baada ya kuweka hatua ya milimita 0.4 kwenye mapendeleo ya programu. Njano sasa inapita ukingo wa nyeupe na kuufunika. Ukizidisha, ukabana milimita moja nzima, unapata kosa la upande wa pili: ukingo wa njano unakaa juu ya kitambaa bila nyeupe na unakuwa na mpaka wa kahawia.

Mahali ambapo njano ingegusana na nyeupe, kwa mfano bibo linapokutana na jani, sikuziacha ziguse. Niliacha ufa wa kitambaa wa milimita 1 katikati yao. Mkono ukiteleza kidogo ufa unakuwa mwembamba upande mmoja na mpana upande mwingine, na hakuna atakayeuona ila mimi. Zaidi ya hapo, ufa ule ni mstari wa damu ya mzee unaozunguka kila jani na kila bibo. Ni rangi ya tatu ambayo hatukulipia skrini.

Milimita 1 hiyo sikuiota. Mara ya kwanza niliweka nyufa za nusu milimita, zikajaa. Wino ukisukumwa kwa mpira hutanuka kidogo kuelekea pembeni, na nyeupe ya kupigwa mara mbili hutanuka mara mbili. Mstari wa wino unanenepa, mstari wa kitambaa unakonda. Kwa hiyo mistari ya nyeupe nilikubali iwe na unene wa nusu milimita, ila chochote kinachotegemea kitambaa kibaki wazi nilikipa mara mbili yake.

Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoua majina ya watoto tisa. Nilikuwa nimeyapanga kwenye utepe mweupe chini ya mti, herufi za kimo cha milimita 4, kitambaa kikiwa ndicho rangi ya herufi. Matundu ya "a" na "e" yote yalijaa wino. Jina la Mama Mkubwa lilisomeka kama jina la dawa ya mifugo. Kuyakuza yote tisa kungemla Bibi nafasi, na kuyapeleka mgongoni kungekuwa skrini ya tatu. Nilipoandika kwenye kundi kwamba majina hayatakuwepo, simu iliita siku nzima.

Aliyenitoa ni mama, tena bila kujua. Alisema, "Basi si waonekane hata kwa idadi." Nikachora mabibo tisa kwenye mkorosho, kila moja na korosho yake inaning'inia chini. Saba nikayajaza njano. Mawili, ya wale waliotangulia, nikayaacha mzunguko mweupe mtupu bila njano ndani, kitambaa kikionekana. Bibi na mabibo yake, kejeli hiyo wamesema wote kwa hiyo naiandika na kuipita. Maandishi yaliyobaki yalikuwa mstari mmoja, "TUMERUDI KWETU", herufi nene zisizo na vimkia, kimo cha milimita 18, zimeachana kuliko ningeziachanisha kwenye karatasi. Nafasi kati ya herufi na herufi nayo ni kitambaa.

Bado kulikuwa na duara. Mchoro wangu wa awali ulikuwa na duara kubwa jeupe nyuma ya Bibi, kama mwezi. Fundi aliligusa kwa kidole akaniuliza, "Utalivaa wewe hili, Newala, Desemba?" Wino anaoutumia ni ule wa jamii ya plastiki, unakaa juu ya nyuzi na haupitishi hewa. Duara la sentimita 20 ni sahani ya plastiki kifuani. Jasho linakaa chini yake, na ukifua mara kadhaa linaanza kupasuka kwenye mikunjo. Nililiondoa. Hata matawi ya mkorosho niliyapunguza nyama, yakawa mistari badala ya mabonge.

Upana wa mchoro mzima nao ilibidi upimwe kwa mtoto. Skrini ni ileile kwa fulana zote 68, na kifua cha fulana ya mtoto wa miaka minne hakipokei mchoro wa sentimita 28 nilioupenda. Ukizidi unapanda kwenye mishono ya ubavu, skrini hailali sawa, wino unamwagika ukingoni. Nikashuka mpaka sentimita 22. Hapa pana mtego: ukipunguza mchoro kwa kuuvuta kona, zile nyufa za milimita 1 na ile mibano ya 0.4 nayo inapungua. Inabidi upunguze kwanza, ndipo upime na kurekebisha unene.

Na sasa ile habari ya damu ya mzee. Fulana za majaribio zilitoka vizuri, nyeupe ikawa nyeupe, nikaipigia picha moja na kuituma kwenye kundi, watu wakaweka vimoyo. Siku ya tatu nilipoitoa kwenye mfuko, kanga ya Bibi ilikuwa ya waridi. Hafifu, kama mtu aliyefua nguo nyeupe pamoja na kanga mpya. Fulana zile binamu alizipata kwa bei nzuri sokoni, lebo haikueleza kitu. Fundi akachomoa uzi mmoja upindoni, akauwasha kiberiti. Uzi uliyeyuka, ukajikunja, ukaacha kishanga kigumu cheusi. Pamba tupu huungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalosagika kwa vidole.

Ilikuwa poliesta, au mchanganyiko wenye poliesta nyingi. Wino ule hukomaa kwenye joto la karibu nyuzi 160, na kwenye joto hilo rangi iliyotiwa kwenye poliesta hugeuka mvuke na kupanda ndani ya wino. Nyekundu na jamaa zake, damu ya mzee ikiwemo, ndizo zinazosumbua sana. Ubaya wake haionekani pale mezani, inaweza kuendelea kupanda kwa siku kadhaa baadaye. Upo wino wa kukomaa kwa joto la chini na upo wa kuzuia rangi isipande, fundi wangu hakuwa nao. Tuliyoweza ni kubadilisha kitambaa. Binamu alinuna, lakini fulana zilikuwa hazijafunguliwa isipokuwa tatu, mwenye duka akakubali kubadilishana na za pamba tupu kwa nyongeza. Kabla ya kupokea mzigo nilichoma uzi mmoja wa kila saizi, nikiwa nimejificha nyuma ya kibanda nisionekane nimechanganyikiwa.

Filamu za mwisho zilikuwa mbili, kila moja na misalaba minne midogo pembeni, mahali palepale, ili fundi azilinganishe kabla ya kuziba misalaba kwa utepe. Alichapa siku mbili. Fulana moja aliivuta kwa nguvu kwenye herufi baada ya kuipitisha kwenye joto, wino ukanyooka na kurudi bila kupasuka, akanirushia. "Hiyo yako. Ndiyo niliyoitesa."

Newala, Mama Mkubwa aliivaa juu ya gauni lake, akasimama mbele ya kioo cha kabati, akaanza kuhesabu mabibo kwa kidole kimya kimya. Alipofika kwenye lile la kwanza lisilo na njano alisimama kidogo, kisha akaendelea. Hakuniuliza lolote kuhusu majina.

Yangu nimeshaifua mara nyingi, na kwa mkono, kwa ndani nje. Kanga ya Bibi ni nyeupe bado. Njano imeanza kuonyesha ufa mwembamba mahali pamoja tu, kwenye bibo la mama, ambalo nililichora kubwa kuliko mengine yote nikidhani hakuna atakayelitambua.